Shati limebadilika, na uso nao umebadilika: utatuzi wa matatizo ya maelekezo ya kuhariri picha

Mtu anayehariri picha kwa maneno, yaani anayeipa modeli ya akili mnemba picha iliyopo pamoja na maelekezo ya kuibadilisha, hukutana mapema na tatizo hili: kilichoombwa kinabadilika, na ambacho hakikuombwa kinabadilika pia. Shati limekuwa la kijani kama ilivyotakiwa, ila aliyelivaa si yule tena. Mwongozo huu unalifuata tatizo hilo dalili kwa dalili, ukionyesha chanzo cha kila moja na namna ya kupanga maelekezo ili yanayopaswa kubaki yatenganishwe na yanayopaswa kubadilika.

Ni vizuri kujua kwanza kinachotendeka ndani. Modeli haikati kipande cha shati na kukipaka rangi huku ikiacha sehemu nyingine za picha bila kuzigusa. Kwa kawaida huichora picha nzima upya, ikiitazama ile ya awali kama kielelezo. Katika modeli za mwanzo za familia ya Stable Diffusion, picha ya pikseli 512 kwa 512 hubanwa kuwa gridi ya 64 kwa 64 kabla ya kazi kuanza, kisha hukunjuliwa mwishoni, kwa hiyo hata sehemu ambayo haikuguswa na maelekezo yoyote hupita katika ubanaji huo na kutoka ikiwa na tofauti ndogondogo. Kubaki vilevile, kwa maana hiyo, ni kazi inayofanywa sawa na ilivyo kazi ya kubadilisha, na kazi ambayo haikutajwa modeli huifanya kwa kukisia.

## Picha ya mfano

Tuchukue picha moja na kuitumia hadi mwisho. Mwanamke ameketi kwenye kiti cha mbao, amegeuka kidogo kuelekea kulia kwa picha, amevaa miwani ya fremu nyembamba, shati la bluu, na saa kwenye mkono wa kushoto. Dirisha liko upande wa kushoto wa picha na mwanga wote unatoka huko. Nyuma yake ni ukuta mweupe, na mezani mbele yake pana kikombe cheupe cha kauri. Tunataka mambo mawili tu: shati liwe la rangi ya kijani iliyokolea, na ukuta uwe rafu ya vitabu. Maelekezo ambayo wengi wangeanza nayo ni haya:

```
Mgeuze awe na shati la kijani na nyuma kuwe na vitabu, usiharibu uso.
```

Sentensi hiyo ni fupi na mtu mwingine angeielewa bila shida, lakini ina kasoro nne ambazo zitajitokeza moja baada ya nyingine katika dalili zinazofuata.

## Kabla ya kurekebisha maneno: je, ni kosa la maneno?

Kila mara picha inapozalishwa, modeli huanza na chengachenga za nasibu zinazotokana na namba ambayo zana nyingi huionyesha kwenye skrini kwa jina `seed`. Maelekezo yaleyale yakiendeshwa kwa namba tofauti hutoa picha tofauti. Anayebadilisha maneno na namba kwa wakati mmoja hawezi kujua ni kipi kilicholeta nafuu. Kwa hiyo endesha maelekezo yako mara tatu au nne kwa namba tofauti bila kugusa neno lolote. Kosa likijirudia katika picha zote, tatizo liko kwenye maneno au kwenye uwezo wa modeli. Likionekana katika picha moja tu, huenda ni bahati mbaya ya namba hiyo. Ukiamua kurekebisha maneno, shikilia namba moja ili ulinganisho wako uwe wa haki. Zana nyingine haziionyeshi namba hiyo kabisa, na hapo njia iliyobaki ni kuzalisha picha kadhaa kila mara na kuzihukumu kwa pamoja.

Jambo la pili ni kutoyaamini macho peke yake. Jicho huangalia uso na shati, halafu hupitiwa na saa iliyogeuka bangili. Weka picha ya awali na picha mpya katika tabaka mbili za programu ya kuhariri picha, kisha tabaka la juu ulipe hali ya uchanganyaji iitwayo `Difference`: mahali ambapo picha hizo zinafanana pataonekana peusi, na mahali palipobadilika patang'aa. Anayependelea kuandika amri anaweza kutumia ImageMagick:

```
magick compare -fuzz 8% awali.png mpya.png tofauti.png
```

Sehemu zilizobadilika zitapakwa rangi nyekundu. Kile kipimo cha `-fuzz` kinahitajika kwa sababu ya ubanaji uliotajwa hapo juu. Bila hicho karibu picha nzima itakuwa nyekundu, na ramani hiyo haitakuambia lolote. Hakikisha pia kwamba picha zote mbili zina upana na urefu sawa, kwa kuwa baadhi ya zana hurudisha kimyakimya picha iliyopunguzwa ukubwa au kukatwa kingo.

Kwa picha yetu, ramani ya tofauti iliyo sahihi ingekuwa na umbo la shati na umbo la ukuta, pamoja na wekundu hafifu pembezoni mwa mwili. Wekundu mzito usoni, kwenye kikombe au kwenye kifundo cha mkono ni dalili, na kila dalili ina chanzo chake.

## Dalili: uso, nywele au mkao umekuwa wa mtu mwingine

Chanzo cha kawaida ni kitenzi kipana kilichopewa mtendwa mpana. "Mgeuze" inamhusu mwanamke mzima, hivyo modeli imeambiwa kwamba kinachobadilika ni mwanamke, na shati ni sehemu tu ya matokeo. Vivyo hivyo kwa maneno kama "mfanye aonekane", "mpe mwonekano wa" na "iboreshe picha": yote yanafungua mlango kwa picha nzima. Hili la mwisho hasa ni hatari, kwa sababu "boresha" kwa modeli humaanisha ngozi laini zaidi, macho makubwa zaidi na mwanga mwingi zaidi, mambo ambayo yanamwondoa mtu katika sura yake polepole bila mhariri kuona ni wapi hasa palipoharibika.

Tiba ni kukipa kitenzi kitu chenyewe kinachobadilika, kikitajwa kwa hali yake ya sasa na kwa hali inayotakiwa: "Badilisha shati la bluu liwe la rangi ya kijani iliyokolea." Kutaja hali ya sasa si maneno ya ziada. Neno "la bluu" linaionyesha modeli mahali pa kushika ndani ya picha, na kama kungekuwa na watu wawili, lingemtofautisha mmoja na mwingine. Vilevile epuka viwakilishi vya jumla. "Yeye" na "huyo" vinaitegemea sentensi iliyopita, ilhali "mwanamke aliyeketi" inajitegemea popote itakapowekwa.

Baada ya hapo, utambulisho wa mtu unahitaji kishazi chake, na kishazi hicho kitaje sehemu badala ya kusema "asibadilike". Andika kwamba mwanamke abaki yuleyule kwa sura, miwani, nywele, mkao na mwelekeo wa macho. Orodha hiyo haina haja ya kuwa ndefu; inapaswa kuanza na kile ambacho kikipotea picha haina kazi tena.

## Dalili: kilichokatazwa ndicho kilichobadilika zaidi

Huandikwa "usiharibu uso" au "usiongeze mapambo", na matokeo yake uso huonekana umechongwa upya na mapambo hujitokeza pale ambapo hayakuwapo. Modeli nyingi za picha zimejifunza kwa kuoanisha picha na maelezo yake, na maelezo ya picha kwa kawaida husema kilichopo, mara chache husema kisichopo. Matokeo yake ni kwamba jina la kitu lina nguvu kubwa kuliko ukanushaji uliolizunguka. Ukiandika "usiongeze pete", umelileta neno "pete" mezani.

Geuza kila katazo kuwa kauli ya hali inayotakiwa. "Usiongeze pete" inakuwa "vidole vibaki vitupu kama vilivyo". "Usiharibu uso" inakuwa kile kishazi cha utambulisho tulichokwisha kukitaja. "Usibadilishe mandhari ya nje ya dirisha" inakuwa "kinachoonekana nje ya dirisha kibaki kilekile". Zana nyingine zina kisanduku cha pembeni cha kuandika visivyotakiwa. Hapo ni mahali halali pa jina la pete bila ukanushaji wowote, lakini kisanduku hicho ni cha kuondoa vitu, na hakifai kulinda vitu. Kuandika "uso" humo ni kuiomba modeli iukwepe uso.

## Dalili: mabadiliko yamekataa, au yamekaa kama kipande kilichobandikwa

Hapa ndipo mgawanyo wa mafungu mawili, la kubaki na la kubadilika, unapoanza kutotosha, na kwa maoni yangu ndipo maelekezo mengi yaliyoandikwa kwa uangalifu huvunjikia. Mhariri aliyekwisha kuumwa na dalili ya kwanza huanza kulinda kila kitu. Huandika kwamba ukuta uwe rafu ya vitabu, kisha huongeza kwamba mwanga, vivuli, rangi na mandhari yote vibaki kama vilivyo. Modeli sasa imepewa amri mbili zisizoweza kutimizwa pamoja: ukuta ni sehemu ya mandhari, na vivuli vilivyopo vimechorwa kwa ajili ya ukuta bapa mweupe. Itachagua moja. Ikichagua kulinda, ukuta unabaki mweupe na pengine safu ya vitabu hafifu inajitokeza pembeni. Ikichagua kubadilisha, rafu inatokea ikiwa na mwanga wake yenyewe, mara nyingi kutoka mbele, huku mwanamke akiendelea kuangazwa kutoka kushoto, na kila anayetazama anahisi kwamba picha mbili zimeunganishwa hata kama hawezi kueleza kwa nini.

Kuna vitu katika kila picha ambavyo si vya kubaki wala si vya kubadilika kwa amri, bali hufuata mabadiliko. Kivuli hufuata umbo la kinachopokea kivuli. Kioo cha miwani huakisi kilicho mbele yake. Ngozi ya shingo hupokea rangi kidogo kutoka kwenye kola iliyo karibu nayo, na kikombe cheupe cha kauri hufanya hivyo zaidi. Vitu hivi vinahitaji fungu la tatu katika maelekezo, likiwa limewekwa baada ya mabadiliko na kabla ya ulinzi, likieleza uhusiano badala ya hali: mwanga wa dirisha la kushoto uiangukie rafu kama unavyomwangukia mwanamke, na kivuli chake kiangukie rafu upande wa kulia. Katika sentensi hiyo chanzo cha mwanga kimelindwa, ilhali kinachopokea mwanga kimeachiwa kubadilika. Neno "mwanga" peke yake lingechanganya yote mawili.

Ili kuligundua fungu hilo kabla ya kuandika, kichukue kila kitu kinachobadilika na ujiulize kinagusa nini, kinaangazwa na nini, na kinaonekana ndani ya nini. Shati letu linagusa shingo, vifundo vya mikono na ukingo wa meza. Linaangazwa na dirisha. Halionekani ndani ya kitu kingine chochote. Ukuta unagusa mzunguko mzima wa nywele na mabega, unaangazwa na dirisha hilohilo, na unaweza kuakisiwa kwenye ubavu wa kikombe. Kwa maneno mengine, shati lina mafuatano machache na ukuta una mengi, na ndiyo sababu kubadilisha shati hufanikiwa mara ya kwanza ilhali kubadilisha ukuta huhitaji kurudiarudia.

Mgongano kati ya mafungu huwa mgumu kuonekana pale ambapo neno moja la jumla limemeza kitu kinachobadilika. "Mavazi yabaki kama yalivyo" inapingana na shati la kijani. "Rangi za picha zibaki" inapingana nalo pia. "Mtindo wa picha ubaki" haupingani, ingawa kwa modeli nyingine neno hilo la mtindo hugusa rangi. Pitisha kila jina lililo katika fungu la kubaki juu ya kila jina lililo katika fungu la kubadilika, likilimeza, lipasue. "Mavazi" ipasuke iwe "saa na miwani". Kwa shati lenyewe pia kuna mpasuko: rangi inabadilika lakini kola, vifungo na mikunjo vinabaki, na usipolisema hilo utaletewa shati jingine kabisa la kijani, lenye mshono mwingine na pengine mikono mifupi.

## Dalili: rangi mpya imevuja

Shati limekuwa la kijani, na vitabu vingi ni vya kijani, na ukingo wa kikombe una rangi hiyo pia. Kivumishi hakikai daima na nomino yake ndani ya modeli. Kinaposimama karibu na nomino nyingine, huweza kuzishika zote. Katika maelekezo yetu ya mwanzo, "shati la kijani na nyuma kuwe na vitabu" yamekaa katika sentensi moja bila kituo chochote.

Vipe vitu viwili sentensi mbili. Kila sentensi iwe na kitu kimoja, kitenzi kimoja na sifa zake, na ijifunge kabla ya nyingine kuanza. Kisha vitaje vitu vilivyo jirani kwa rangi zao za sasa katika fungu la kubaki: "kikombe cheupe" badala ya "kikombe", kwa sababu rangi iliyotajwa huziba nafasi ambayo rangi nyingine ingeingia. Kwa vitabu, taja kwamba ni vya rangi mchanganyiko zilizofifia, kama kahawia na kijivu. Tofautisha hata hivyo uvujaji na rangi ya kuakisiwa: ukijani hafifu chini ya kidevu ni wa kweli na unaipa picha uhai, ilhali ukijani kwenye kikombe kilicho mbali na shati ni kosa.

## Dalili: mtu amesogea, amekua au kamera imegeuka

Dalili hii hujitokeza zaidi mandhari ya nyuma yanapobadilishwa. Modeli hujua jinsi picha za watu mbele ya rafu za vitabu zinavyopigwa kwa kawaida, na humvuta mwanamke kuelekea kwenye kawaida hiyo: katikati ya fremu, akitazama mbele, akiwa mkubwa kidogo. Uso unaweza kuwa umelindwa vizuri kabisa na bado picha isifae, kwa kuwa haitaingia tena katika nafasi iliyokusudiwa.

Kumlinda mtu si kulinda mahali alipo. Ongeza kishazi cha pekee kuhusu fremu: ukubwa wake, mahali alipo kwenye fremu, pembe ya kamera na ukatwaji wa kingo vibaki kama vilivyo. Katika ramani ya tofauti kosa hili linatambulika kwa urahisi, kwa sababu huacha mistari miwili sambamba kuuzunguka mwili mzima badala ya doa mahali pamoja. Ukiona mistari hiyo, usihangaike na kishazi cha uso.

## Dalili: sehemu ya mwisho ya maelekezo imepuuzwa

Maelekezo ni mazuri, lakini kila kilichoandikwa mwishoni hakionekani kufanya kazi. Hapa chanzo kinaweza kuwa cha kiufundi kabisa. Modeli zinazosoma maneno kwa kisimbaji cha CLIP, yaani sehemu inayoyageuza maneno kuwa namba, zikiwemo Stable Diffusion za mwanzo, hupokea tokeni 77 tu, yaani vipande 77 vya maneno, mbili kati ya hizo zikiwa alama za mwanzo na mwisho; kinachozidi hukatwa, isipokuwa zana husika iwe imetengenezwa kuyagawa maelekezo marefu katika mafungu. Modeli za baadaye zenye visimbaji vikubwa zaidi husoma aya nzima bila shida. Jaribio lake ni jepesi: hamisha kishazi kinachopuuzwa hadi mwanzo bila kukibadilisha. Kikianza kufanya kazi, tatizo lilikuwa nafasi, na dawa ni kufupisha.

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna jambo la kuongeza. CLIP ilifunzwa hasa kwa maandishi ya Kiingereza, na kisimbaji cha namna hiyo huyakata maneno ya Kiswahili katika vipande vingi vidogo, hivyo nafasi hujaa haraka na maana hufika nusu. Kwa modeli hizo andaa maelekezo kwa Kiswahili, yapange, kisha yatafsiri kishazi kwa kishazi bila kuvunja mpangilio. Tafsiri ya aya nzima kwa mkupuo hupenda kuunganisha sentensi ulizozitenga kwa makusudi.

## Maelekezo yaliyopangwa

Tukiyakusanya yote, maelekezo ya picha yetu yanakuwa hivi:

```
Badilisha rangi ya shati la bluu la mwanamke aliyeketi iwe kijani iliyokolea; kola, vifungo na mikunjo ya shati vibaki kama vilivyo.
Badilisha ukuta mweupe ulio nyuma yake uwe rafu ya mbao yenye vitabu vya kahawia na kijivu, iliyofifia kidogo kwa umbali.
Mwanga wa dirisha la kushoto uiangukie rafu kama unavyomwangukia mwanamke; kivuli chake kiangukie rafu upande wa kulia.
Mwanamke abaki yuleyule: sura, miwani, nywele, mkao na mwelekeo wa macho.
Ukubwa wake, mahali alipo kwenye fremu na pembe ya kamera vibaki kama vilivyo.
Kikombe cheupe, meza, kiti, dirisha na saa ya mkono wa kushoto vibaki kama vilivyo.
```

Mabadiliko yametangulia, yanayofuata mabadiliko yamekaa katikati, na ya kubaki yamefuata kwa daraja: mtu, fremu, vitu. Wapo wanaopendelea kuanza na ulinzi. Naona mpangilio huo unafaa pale tu modeli inapokata mwisho wa maelekezo, kwa kuwa pengine kitenzi cha kwanza ndicho kinachoiambia modeli kazi yenyewe ni ipi, na orodha ndefu ya vinavyobaki ikitangulia huweza kuifanya irudishe picha ileile.

Hata hivyo, ukuta ukikataa katika picha zote nne za jaribio ilhali shati limekubali, tenganisha kazi hizo katika hatua mbili: kwanza ukuta, ulio na mafuatano mengi, kisha shati. Katika kila hatua andika upya fungu la kubaki lote, maana modeli nyingi hazikumbuki ulilolinda katika hatua iliyopita, na kilichobadilika katika hatua ya kwanza sasa kinahamia kwenye fungu la kubaki: "rafu ya mbao yenye vitabu ibaki kama ilivyo".

## Dalili: kila hatua ni nzuri, lakini picha ya mwisho imechakaa

Hatua mbili zinavumilika, saba hazivumiliki. Kila pito hupeleka picha katika ubanaji na ukunjuaji, na makosa madogo ya pito moja huwa ndiyo kielelezo cha pito linalofuata. Ngozi hupoteza vinyweleo, rangi huongezeka ukali, na uso husogea kidogo kila mara kwa kiasi ambacho hakuna hatua moja inayoweza kulaumiwa. Linganisha picha ya mwisho na ya kwanza kabisa, wala usiilinganishe na iliyoitangulia, na utauona mwachano huo. Dawa ni kurudi kwenye picha ya awali na kuyaweka mabadiliko yaliyokubalika yote katika maelekezo mamoja yaliyopangwa kama hayo ya juu.

## Dalili: maneno ni sahihi, lakini mizani imekosewa

Zana nyingine zina vitelezi vinavyoamua ni kwa kiasi gani maneno yashinde picha. InstructPix2Pix, modeli iliyotolewa mwaka 2022 mahususi kwa kuhariri kwa maelekezo, ina viwili: kimoja cha utii kwa maneno, ambacho kwa kawaida huanzia 7.5, na kimoja cha utii kwa picha ya awali, ambacho huanzia 1.5. Shati lisipobadilika kabisa, punguza kidogo utii kwa picha. Uso ukipotea, uongeze. Katika zana zenye kitelezi kimoja kiitwacho `strength`, kipimo cha 0.6 kwa hatua 50 za kuzalisha picha humaanisha kwamba hatua 30 tu ndizo zinazofanyika juu ya picha yako, na kikifika 1 picha ya awali haina sauti tena. Hakuna mpangilio wa maneno unaoweza kuulinda uso kwa kipimo hicho, kwa hiyo kitazame kitelezi kabla ya kuongeza kishazi cha nne kuhusu uso.

## Pale maneno yanapokoma

Uso wa saa wenye tarakimu ndogo, maandishi kwenye mgongo wa kitabu, nembo iliyoshonwa kwenye mfuko wa shati: vitu hivi vinaweza kuwa vimetajwa kwa usahihi katika fungu la kubaki na bado vikatoka vimevurugika, kwa sababu tarakimu inayochukua pikseli sita kwa upana haipati hata seli moja kamili ya gridi baada ya ubanaji. Kurudiarudia maneno hakusaidii hapo. Kama zana yako inaruhusu kulizungushia eneo kwa brashi ili uchoraji ufanyike ndani yake tu, zungushia shati na ukuta na uiache saa nje, ukiacha ukingo mpana kidogo ili vivuli vipate nafasi ya kukaa. Baadhi ya zana hata hivyo hukunjua picha nzima na kugusa hata kilicho nje, na ramani ya tofauti itakuonyesha yako ni ya aina gani. Kama hairuhusu, weka picha ya awali juu ya picha mpya katika tabaka, futa kila kitu kwenye tabaka la juu isipokuwa saa, na lainisha kingo zake kwa pikseli mbili au tatu. Njia hiyo hufanya kazi tu ikiwa mwanamke hajasogea kwenye fremu, kwa hiyo kagua mistari sambamba kwenye ramani ya tofauti kabla ya kuanza kufuta.